Printa inawaka, waya umechomekwa, kompyuta inasema "Offline": kisa cha steshenari moja Moshi

Mazingira ya kisa

Steshenari hii iko katikati ya mji wa Moshi. Jina lake, aina ya printa na jina la kampuni inayowapa intaneti vimeondolewa. Namba za mtandao nazo zimebadilishwa, ila mpangilio wake umeachwa kama ulivyokuwa.

Kazi za duka ni fotokopi, barua, vyeti, na siku za Ijumaa ratiba za ibada kwa ajili ya mazishi ya Jumamosi huko Kibosho, Marangu na Rombo. Kuna kompyuta mbili za Windows 10 na printa moja ya leza inayotoa rangi nyeusi tu, inayoprinti, kufanya fotokopi na kuskani. Printa haijaunganishwa kwa USB. Imeunganishwa kwa kebo ya mtandao hadi kwenye rauta, na kila kompyuta inaifikia kwa anwani ya IP ya printa, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Aliyefunga mfumo huo miaka miwili nyuma aliweka katika kompyuta zote mbili anwani 192.168.1.5, kwa kuwa ndiyo printa iliyokuwa nayo siku ile. Lakini hakuiagiza printa ibaki na anwani hiyo. Iliendelea kupewa anwani na rauta kila inapowashwa.

Kompyuta zina UPS ndogo, betri inayozishikilia umeme ukikatika. Rauta na printa hazina. Jambo jingine lililoonekana dogo wakati ule: mwezi huo wafanyakazi wawili walikuwa wamepewa nenosiri la waifai, ambalo kabla ya hapo alikuwa nalo mama mwenye duka peke yake.

Kilichotokea

Ijumaa saa 3:40 asubuhi umeme ulikatika, ukarudi baada ya dakika kumi hivi. Kijana wa kaunta alifanya linalofanywa na watu wengi wenye vifaa vya bei: alizima printa ukutani, akasubiri umeme utulie, akaiwasha dakika tano baada ya umeme kurudi. Kompyuta hazikuzimika kwa sababu ya UPS.

Kazi ya kwanza iliyotumwa haikutoka. Printa ilikuwa inawaka taa ya kijani na kioo chake kidogo kiliandika kwamba iko tayari, lakini Windows iliandika "Offline". Kijana alituma tena, akatuma mara ya tatu. Alichomoa kebo ya mtandao na kuirudisha, akazima na kuwasha kompyuta. Kompyuta ya pili nayo ilionyesha "Offline".

Saa 4:40 alimpigia fundi anayemfahamu. Fundi akamwelekeza kwa simu afungue dirisha la amri na kuandika `ping 192.168.1.5`, amri ya kuijaribu anwani hiyo. Majibu manne yalirudi bila kupotea hata moja.

"Mtandao uko sawa basi," fundi akamwambia. "Hiyo ni draiva. Ifute uiweke upya."

Kijana alijaribu kuiondoa printa kwenye Windows, ikakwama kwenye kuondolewa kwa sababu foleni yake ilikuwa bado na kazi. Akapakua draiva nzima kutoka intaneti na kuongeza printa upya bila kufuta ile ya zamani. Windows iliitafuta yenyewe mtandaoni, ikaipata, ikaiweka kwa jina lile lile likiwa na nyongeza ya `(Copy 1)`. Ukurasa wa majaribio ulitoka, na duka likapumua. Saa moja na ushee baadaye, printa ikiwa imelala kwa kukosa kazi, `(Copy 1)` nayo ikaandika "Offline". Akaongeza ya tatu, na safari hiyo hakikutoka kitu.

Kufikia saa 7 mchana mteja wa Kibosho alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri nakala 150 za ratiba ya mazishi. Mama mwenye duka aliamua faili liende kwenye flashi hadi duka la jirani, liprintiwe nakala moja tu, kisha zile 150 zitolewe kwa fotokopi kwenye printa yao wenyewe, kwa kuwa fotokopi ilikuwa inafanya kazi. Mteja aliondoka na kazi yake, ingawa picha ya marehemu ilitoka nyeusi zaidi ya inavyopaswa, kama inavyokuwa kwa nakala ya nakala.

Fundi wa pili alifika saa 8.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Fundi huyu hakugusa kompyuta kwanza. Alijua tayari kwamba fotokopi inatoka, maana yake tona, karatasi, ngoma na sehemu inayochoma tona kwenye karatasi ni nzima. Akauliza kama kompyuta zote mbili zilisema "Offline" kwa wakati mmoja. Jibu la ndiyo lilimtosha kuweka draiva pembeni. Draiva mbili kwenye kompyuta mbili tofauti haziharibiki katika dakika zile zile. Kilichobadilika lazima kiwe kitu ambacho kompyuta zote zinakitegemea, yaani printa yenyewe, rauta, au njia iliyo kati yao.

Kisha alichapa ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye menyu ya printa. Printa nyingi za mtandao zina ukurasa huu, na hauhitaji kompyuta. Uliandika anwani ya IP 192.168.1.9. Kwenye kompyuta alifungua `Printer properties`, kichupo cha `Ports`, na pale poti iliyowekewa alama, yaani njia ambayo kazi hupitia kuifikia printa, ilisema 192.168.1.5. Tatizo lilikuwa hapo wazi: kompyuta zilikuwa zinagonga mlango wa nyumba ambayo printa imeshahama.

Lakini yale majibu ya `ping` yalitoka kwa nani? Aliuliza kompyuta kwa amri mbili, ya kwanza kwenye dirisha la PowerShell:

```
Test-NetConnection 192.168.1.5 -Port 9100
arp -a
```

Printa za mtandao nyingi hupokea kazi kupitia mlango namba 9100. Kwa anwani ya .5 jibu lilikuwa `TcpTestSucceeded : False`, na kwa .9 lilikuwa `True`. Orodha ya `arp` ilionyesha anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho, ya kifaa kilichokalia .5, nayo haikufanana na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa mipangilio ya printa. Ilikuwa ni simu ya kijana wa kaunta. Rauta ilipowaka upya ilikuwa imesahau ni nani alipewa anwani gani. Katika zile dakika tano ambazo printa ilikuwa bado imezimwa, simu iliomba anwani na kupewa .5. Printa ilipowashwa ikapewa iliyokuwa wazi.

Kabla ya kurekebisha chochote, fundi alizuia jambo moja. Foleni za kompyuta zote mbili zilikuwa na kazi 23, na nyingi ni faili lile lile lililotumwa mara tatu au nne na mtu mwenye wasiwasi. Njia ingefunguliwa pale pale, zote zingetoka kwa mkupuo: karatasi zingepotea, na vyeti na barua za wateja walioshaondoka vingemwagika mbele ya wateja wengine. Kijana aliandika kwenye daftari kazi ambazo bado zinahitajika. Zilikuwa sita. Kisha foleni ilisafishwa katika kila kompyuta, kwa dirisha la amri lililofunguliwa kwa haki za msimamizi:

```
net stop spooler
del /Q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler
```

Mpangilio huo una sababu. Huduma ya `Print Spooler`, inayosimamia foleni, ikiwa inaendelea, faili inayoshughulikiwa haitakubali kufutwa, na kazi iliyokwama itabaki pale pale. Na mtu ajue kwamba amri hizi hufuta kazi za printa zote zilizo kwenye kompyuta hiyo, si ile moja tu. Baada ya foleni kuwa tupu, nakala za `(Copy 1)` na `(Copy 2)` zilikubali kuondoka mara moja.

Uamuzi uliofuata ulihusu anwani. Njia ya haraka ilikuwa kubadilisha .5 iwe .9 kwenye kompyuta na kuondoka, lakini umeme ukikatika tena kisa kingejirudia. Njia mbili hubaki. Ya kwanza ni kuiagiza rauta impe printa anwani ile ile kila mara kwa kuitambua kwa MAC yake. Ukurasa wa rauta hii ulifunguka kwa nenosiri lililoandikwa chini yake, ila haukuwa na menyu hiyo. Ulionyesha tu kwamba rauta hugawa anwani kuanzia 192.168.1.2 hadi 192.168.1.150. Kwa hiyo ikachukuliwa njia ya pili, kuiandikia printa anwani ya kudumu kwenye menyu yake, nje kabisa ya zile zinazogawiwa: 192.168.1.200, kinyago cha mtandao 255.255.255.0, na lango 192.168.1.1. Kabla ya hapo alihakikisha hakuna kifaa kinachojibu kwenye .200.

Katika kompyuta ya kwanza alitengeneza poti mpya ya aina ya `Standard TCP/IP Port` yenye anwani 192.168.1.200 na kuiunganisha na printa ya zamani. Draiva hakuigusa.

Windows ikaandika tena "Offline".

Hapa ndipo kazi ilichukua muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Jaribio la mlango 9100 lilisema `True`. Alama ya `Use Printer Offline`, iliyo kwenye menyu ya `Printer` ndani ya dirisha la foleni, haikuwa imewekwa. Fundi akafungua `Configure Port` ya poti mpya, kisha ya poti ya zamani ambayo alikuwa hajaifuta, akazilinganisha. Tofauti ilikuwa moja: kwenye poti mpya kisanduku cha `SNMP Status Enabled` kilikuwa na tiki, kwenye ya zamani hakikuwa nayo. Aliondoa tiki, akabofya OK, na neno "Offline" likatoweka ndani ya sekunde chache.

SNMP ni namna ya Windows kuiuliza printa hali yake, kama karatasi zimeisha au mfuniko uko wazi. Maswali hayo hupita mlango namba 161, si ule wa 9100 unaopokea kazi. Kwenye printa hii huduma hiyo ilikuwa imezimwa. Windows iliuliza, haikujibiwa, ikahitimisha kwamba printa haipo, na ikazuia kazi ambazo zingepokelewa bila shida.

Matokeo

Kazi zote sita zilitoka kabla ya saa 9 kasoro dakika tano. Kompyuta ya pili ilichukua dakika chache tu kwa kuwa cha kufanya kilishajulikana. Gharama kubwa haikuwa fundi. Ilikuwa karibu saa tano za Ijumaa ambazo, ukiondoa ile saa moja na ushee ya `(Copy 1)`, duka liliweza kutoa fotokopi tu.

Kibandiko chenye maneno "IP 192.168.1.200" kilibandikwa mbele ya printa. Rauta ilihamishiwa kwenye UPS ya kompyuta ya kwanza, kwa kuwa inakula umeme kidogo sana. Printa haikuhamishwa, na hilo ni sahihi: sehemu inayochoma tona ya printa ya leza huvuta umeme mwingi kwa ghafla inapopasha moto, kiasi cha kuizima UPS ndogo pamoja na kompyuta iliyo juu yake. Umeme ulipokatika tena wiki mbili baadaye, printa ilirudi na kuprinti bila mtu kugusa kompyuta.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi lilikuwa namna jibu la `ping` lilivyosomwa. Amri hiyo haisemi printa ipo. Inasema kuna kifaa kwenye anwani hiyo. Katika duka lenye simu nne kwenye waifai moja, kifaa hicho kinaweza kuwa chochote. Fundi wa kwanza hakukosea kuagiza `ping`, alikosea kuishia hapo. Kuna mtego wa karibu na huo: anwani ikiwa haina mtu, Windows inaweza kuandika `Reply from`, ikifuatiwa na anwani ya kompyuta yenyewe na maneno `Destination host unreachable`. Anayesoma neno la kwanza tu atadhani amejibiwa, kumbe kompyuta inajijibu kwamba haijaona kitu. Mlango 9100 ndio unaoitofautisha printa na simu, na ukurasa wa mipangilio uliochapwa na printa ungemaliza suala la anwani tangu saa 4.

Kwa nini `(Copy 1)` ilifanya kazi kwa saa moja halafu ikafa? Windows ilipoitafuta printa yenyewe, ilitengeneza poti ya WSD, ambayo jina lake huanza na herufi hizo kwenye kichupo cha `Ports`. Poti ya WSD haishiki anwani moja. Hutegemea printa ijitangaze na kuitikia ikiitwa mtandaoni. Ndiyo maana iliipata printa kwenye .9 bila kuambiwa, na ndiyo maana ilipoteana nayo ilipolala. Mafanikio yale ya saa moja yalidanganya kuliko kushindwa, kwa sababu yalimfanya kijana aamini kwamba draiva mpya ndiyo iliyotibu. Kilichobadilika kilikuwa poti. Draiva hutafsiri waraka uwe lugha ya printa, na poti huonyesha njia ya kuufikisha. Neno "Offline" huhusu zaidi njia kuliko tafsiri.

Draiva mbovu ina dalili zake. Kazi huondoka kwenye foleni kama kawaida lakini karatasi hutoka na herufi zisizosomeka, au kurasa nyingi zenye mstari mmoja mmoja wa alama. Wakati mwingine huduma ya `Print Spooler` huzimika yenyewe kila kazi inapotumwa. Mara nyingi hutokea kwenye kompyuta moja tu, na mara nyingi baada ya Windows kujisasisha. Hapa hakuna hata dalili moja iliyokuwepo.

Suala la SNMP nalo lina funzo ndani ya kazi ya fundi wa pili. Angeweza kuingia `Configure Port` ya poti ya zamani na kubadilisha anwani tu, ikabaki bila tiki, na "Offline" ya pili isingetokea. Alikwepa hilo kwa sababu ya maana: jina la poti lingeendelea kusomeka 192.168.1.5 hata baada ya anwani kubadilika, na fundi atakayekuja baadaye angepotoshwa. Poti mpya ilikuwa uamuzi mzuri, ila ilipaswa kuanza kwa kusoma mipangilio yote ya ile ya zamani. Bahati nzuri hakuwa ameifuta. Kuondoa tiki pia kuna bei yake: kompyuta haitaonyesha tena kwamba karatasi zimekwisha. Kwa printa iliyo mita moja kutoka kwa anayeitumia, hiyo si hasara. Ofisini, ambapo printa iko chumba kingine, ni afadhali kuwasha SNMP kwenye printa yenyewe na kuiacha tiki.

Duka lenye printa ya USB lisichukue kisa hiki kama kilivyo, kwa sababu hapo hakuna anwani ya IP ya kuhama. Kinachohama ni poti. Ukihamisha waya kutoka tundu moja la kompyuta kwenda jingine, Windows inaweza kuiona kama printa nyingine, ikaipa `USB002` na jina lenye `(Copy 1)`, huku programu zikiendelea kutuma kwenye ile ya `USB001` iliyobaki "Offline". Dawa yake ni kurudisha waya kwenye tundu la mwanzo, au kufungua kichupo cha `Ports` cha printa ya zamani na kuhamishia alama kwenye `USB002`.

Mpango uliowekwa Moshi una udhaifu mmoja unaojulikana. Siku kampuni ya intaneti itakapobadilisha rauta na kuleta yenye mtandao wa namba nyingine, tuseme 192.168.8.1, printa itabaki peke yake kwenye 192.168.1.200 na kompyuta zote mbili zitaandika "Offline" kwa pamoja. Utaitambua kwa kuandika `ipconfig` kwenye kompyuta: kama sehemu tatu za mwanzo za anwani yake hazifanani na za kwenye kibandiko, foleni na draiva viachwe. Ibadilishwe anwani ya printa pamoja na lango lake, kisha poti za kompyuta, kisha kibandiko.